Thuraya ya bibi: kipi ni chake, kipi ni cha kuazima

*Assalaam aleikum mzee. Bibi yetu ametuachia nyumba Shangani, na ukumbini inaning'inia thuraya ya kioo yenye mikono 12. Tumekua tukiambiwa ililetwa kutoka Bara Hindi enzi za baba yake. Mnunuzi mmoja ameiangalia akasema ni Osler na iko kamili kama ilivyotoka kiwandani. Wa pili kasema nusu ni kioo cha juzi na nyaya zake zitatuunguza. Tuko ndugu sita na tunagawa mirathi. Nitajuaje ukweli mwenyewe, bila kumtegemea anayetaka kununua?*
*Msomaji, Unguja*

Wa aleikum salaam dada yangu, na poleni kwa msiba.

Nianze na hilo jina, maana ndilo linalopandisha bei. Osler walikuwa watengenezaji wa vioo wa Birmingham, Uingereza, walioanza kazi mwaka 1807, na kuanzia miaka ya 1840 walikuwa na duka Calcutta lililowauzia wafalme na matajiri wa Bara Hindi. Kwa hiyo kwamba thuraya yao ifike Unguja kupitia Hindi ni jambo linaloingia akilini. Lakini mwulize huyo mnunuzi jina ameliona wapi. Kama amelisoma kwenye kipande cha chuma, basi kipande hicho ni cha Osler, na ushahidi wake unaishia hapohapo. Thuraya imeundwa na vipande mamia, na karibu vyote vimetengenezwa vifunguke kwa mkono ili visafishwe. Kinachofunguka kwa mkono hubadilishwa kwa mkono. Sijawahi kuweka mezani kwangu thuraya ya zaidi ya miaka 100 ambayo haikuguswa na mtu, kwa hiyo neno "kamili" mimi huliogopa kuliko neno "viraka".

Swali ninalojiuliza mimi ni hili: vipande vipi vilizaliwa pamoja? Hapo una bahati, kwa sababu thuraya hujirudia yenyewe. Mikono 12 ni mashahidi 12 wa kesi moja. Huhitaji kujua kioo cha mwaka 1860 kinafananaje; unahitaji kuona ni yupi kati ya wale 12 asiyefanana na wenzake, kisha umchunguze yeye.

Kabla hujagusa chochote, zima umeme kwenye swichi kubwa ya nyumba. Usiridhike na ile ya ukutani, kwani katika nyumba za zamani nimekuta zaidi ya mara moja swichi iliyokata waya usio na moto na kuacha ule wenye moto ukifika hadi kwenye holda. Kisha panda ngazi uangalie ndoano. Nyumba za Mji Mkongwe ndoano imepigwa kwenye boriti, na boriti ya mkoko huonekana nzima kwa nje huku chokaa iliyoizunguka imelegea kwa unyevu. Thuraya ya mikono 12 inaweza kupita kilo 30. Kama kuna ufa au vumbi la mchwa pale juu, simama, ita fundi wa nyumba kwanza.

Ukiwa na uhakika wa ndoano, piga picha kila upande, vua matone yote mkono kwa mkono, na uyaweke kwenye mifuko yenye namba. Kisha toa mikono miwili miwili inayotazamana. Ukitoa minne ya upande mmoja, nguzo ya kati italala upande wa pili na kioo kitagongana na kioo. Watu wengi wamevunja kwa kosa hilo peke yake.

Sasa uko na mkono mmoja mkononi. Geuza mwanzo wake, pale kioo kinapoingia kwenye kofia ya shaba njano, na uangalie kwa tochi. Katika thuraya nyingi za Ulaya za wakati ule kila mkono ulisuguliwa uingie kwenye tundu lake kwenye sahani ya kati, na tundu la jirani halikuufaa sawasawa. Ili fundi wa kuiunganisha baada ya safari ya meli asipotee, kiwandani waliweka alama: mikwaruzo ya tupa, namba za kirumi, au namba iliyogongwa, moja kwenye kofia na ya pili yake kwenye tundu. Alama hizi ndizo cheti cha kuzaliwa. Hakuna anayezighushi kwa sababu wauzaji wengi hawajui kwamba zipo.

Nikupe mfano mmoja niliouandika kwenye daftari. Miaka michache nyuma nililetewa thuraya ya mikono 8 kutoka nyumba moja ya Mji wa Kale hapa Mombasa, imefungwa kwenye mikeka miwili. Sahani ya kati ilikuwa na namba za kirumi kutoka I hadi VIII, zimepigwa kwa tupa, zimejaa uchafu mweusi. Mikono sita ilikuwa na namba zinazolingana. Mkono uliokaa tundu la III ulikuwa na alama ya V, na mkono wa tundu la V pia ulikuwa na V. Wa V wawili katika nyumba moja hawawezi kuwa wa baba mmoja. Uliokaa tundu la VII ulinichekesha: ulikuwa na alama ya XI. Thuraya yenye mikono minane ina mkono wa kumi na moja kutoka wapi?

Nikaitazama kofia ya ule wa XI. Ubavuni ilikuwa imesagwa kwa tupa ili iingie, na shaba pale ilikuwa ya njano safi wakati kofia nyingine zilikuwa zimeiva rangi ya tende. Bado haikukaa vizuri, fundi akachomeka kipande cha bati kuukaza. Mkono wowote unaocheza kidogo kwenye tundu lake, au uliokazwa kwa bati, karatasi, uzi au gundi, uweke pembeni.

Angalia pia kinachoshika kioo ndani ya kofia. Mafundi wa zamani walijaza jasi. Jasi ya asili imekauka, ina rangi ya kijivu kwa moshi na vumbi la miaka, na mara nyingi ina nyufa nyembamba. Jasi nyeupe pe inasema mkono ulichomoka ukarudishwa. Gundi ya rangi ya asali au ya uwazi kama plastiki inasema kazi hiyo imefanywa majuzi. Lakini hapa usikimbilie hukumu: mkono wa asili huweza kuchomoka na kurudishwa kwa jasi mpya ukabaki wa asili. Jasi hukueleza ni lini kofia ilifunguliwa. Alama ya tupa ndiyo inayokueleza mkono ni wa nani.

Kitu cha tatu kwenye mkono ni kisahani, kile kilicho chini ya mshumaa na kinachoning'iniza matone. Hesabu matundu yake. Ndiyo, hesabu tu. Kwenye ile ya Mombasa visahani saba vilikuwa na matundu 10 kila kimoja. Cha mkono wa XI kilikuwa na matundu 12, na mawili yalikaa wazi, kwa sababu aliyevitundika matone alitaka vyote viwe na 10. Na ule mkono wa pili wa V ulikuwa na kisahani cha matundu 10, yaani mkono ulivunjika lakini kisahani kilipona kikapandishwa kwenye mkono wa kuazima. Ndiyo maana nakuambia kila kipande kina kesi yake. Usiseme "mkono huu ni mpya" ukakusudia kila kilichoning'inia juu yake.

Mwenye ile nyumba alipoyaona haya akakumbuka: zamani kulikuwa na thuraya nyingine chumba cha ndani, ilianguka yeye akiwa mtoto. Fundi wa siku zile alichukua mikono iliyosalia akaponya ile ya ukumbini. Hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Hata bibi yenu huenda alifanyiwa hivyo, kwa hiyo waulizeni wazee kama kulikuwa na thuraya ya pili.

Tuje kwenye nyaya, ambazo mnunuzi wenu wa pili amezisema kwa ubaya lakini huenda hakukosea. Balbu ya umeme inayofaa nyumbani ilipatikana kuanzia 1879 na 1880. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883 kwa amri ya Sultan Barghash, ndiyo hutajwa kuwa jengo la kwanza Unguja kuwashwa umeme. Thuraya iliyoundwa kabla ya hapo ilizaliwa kwa mshumaa au kwa gesi, na umeme ukaingizwa baadaye. Hilo si aibu wala halipunguzi thamani kama limefanywa kwa adabu. Linakusaidia tu kujua mkono ulianzaje maisha.

Mkono wa mshumaa kwa kawaida ni fimbo ya kioo iliyojaa, haina uwazi ndani. Hakuna fundi wa kutoboa kioo kilichopinda kama shingo ya bata toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo waya wake hupita nje, umefungwa kwa uzi wa shaba au umezungushwa kwenye mkono. Mkono ulio wazi ndani kama mrija uliumbwa hivyo tangu kwenye tanuru, ama kwa gesi ama kwa umeme. Wa gesi utautambua kwa koki ndogo karibu na mwanzo wake, au kwa kizibo cha shaba kilichowekwa pale koki ilipokuwa. Ukikuta mikono tisa imejaa na mitatu ni mirija kwenye thuraya moja, jibu la swali lako umelipata kabla ya kupima kitu kingine.

Halafu tazama chini ya kikombe cha mshumaa na katikati ya kisahani, pale waya unapopenya. Tundu lililokuwapo tangu kiwandani lina ukingo laini unaong'aa. Lililotobolewa baadaye na fundi umeme lina kuta zenye weupe kama kioo cha dirisha la bafuni, na upande kekee ilipotokea kuna vigamba vilivyobanduka, kama ganda la yai lililogongwa. Pitisha ukucha, utauhisi ukingo ukikwaruza. Kikombe chenye tundu la namna hii huenda ni cha zamani sana: kilikuwa cha mshumaa, kikatobolewa. Kile chenye tundu laini kati ya wenzake waliotobolewa ndicho kilichokuja baadaye, kimetengenezwa tayari kwa umeme. Mtu wa kawaida huamua kinyume chake, kwa sababu kilichotobolewa vibaya huonekana ndiyo kigeni.

Waya wenyewe nao una umri. Uliovikwa kitambaa cha pamba au hariri juu ya mpira ni wa zamani, na usiukunje hata kidogo, mpira wake ndani umekauka kama gome na utamwagika. Waya laini wenye plastiki nyekundu na nyeusi ni wa kati. Wenye kahawia na samawati, na kijani chenye mstari wa njano, ulianza kutumika kwa nyaya laini Uingereza mwaka 1969, kwa hiyo mkono wenye rangi hizo umeguswa baada ya hapo. Angalia na holda. Pwani yetu imezoea holda ya Kiingereza ya kubonyeza na kugeuza. Bara la Ulaya hutumia ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Zikichanganyika kwenye thuraya moja, kuna mafundi wawili au zaidi waliopita. Ile ya Mombasa ilikuwa na holda sita za kubonyeza na mbili za kuzungusha, na unaweza kukisia zile mbili zilikuwa kwenye mikono gani.

Nyaya mpya hazimwondolei mtu thamani, na kwa nyumba inayokaliwa na watoto mimi nasema zibadilishwe zote bila huruma. Muhimu ni fundi asitoboe kioo upya kurahisisha kazi, atumie njia zilezile zilizopo. Sehemu zote za chuma ziunganishwe na waya wa ardhi, kwani thuraya nyingi zilizogeuzwa za mshumaa hazina kabisa. Mwisho apime insuleta ya nyaya kwa kipimo cha volti 500 kabla ya kuweka balbu. Ikisoma chini ya megaomu 1, haipandi juu. Balbu 12 za kizamani za wati 40 ni wati 480 za joto zinazokaanga nyaya kila usiku. Balbu za LED za wati 4 ni wati 48 zote pamoja, na kioo bado kinawaka vizuri ukichagua za mwanga wa manjano.

Nimeyaacha matone mwisho kwa makusudi, ingawa ndiyo wanunuzi huanza nayo. Matone ndiyo sehemu inayobadilishwa kwa urahisi zaidi, na kwa hiyo ndiyo yanayosema kidogo zaidi kuhusu thuraya nzima. Kubadilisha dazeni ya matone ni kama kubadilisha vifungo vya kanzu. Hata hivyo mtu akikuuzia vifungo vya plastiki kwa bei ya lulu unapaswa kujua.

Tandaza kitambaa cheupe karibu na dirisha, yapange yote kwa safu. Kwanza soma kingo. Tone lililokatwa kwa gurudumu na kung'arishwa kwa mkono lina kingo kali pale nyuso mbili zinapokutana, na ukilinganisha matone matano utaona nyuso hazilingani kabisa: hapa ukingo umeenda pembeni nusu milimita, pale ncha haiko katikati. Tone lililomiminwa kwenye kalibu lina kingo za mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika siku mbili, yote yanafanana kama mapacha, na mara nyingi kuna mstari mwembamba ubavuni ambapo kalibu mbili zilikutana. Matone ya mashine ya kisasa yana kingo kali tena, lakini yanafanana kupita kiasi. Ukitaka kuuona mstari wa kalibu, chukua lensi ya sonara na uzungushe tone dhidi ya ukuta wenye kivuli, si dhidi ya jua.

Kisha tundu la pini. La zamani lilitobolewa kutoka pande mbili, kwa hiyo ni pana nje na jembamba katikati, na wakati mwingine vitundu viwili havikukutana sawasawa. La kalibu ni laini na lina upana mmoja. Na hapa pwani tuna shahidi ambaye mafundi wa Ulaya hawana kwa wingi hivi: chumvi ya bahari. Pini za zamani zilikuwa za shaba njano, na zikizeeka huacha ukijani. Pini za chuma chenye kromu, hasa zile bapa zenye umbo la kipepeo, huja na matone ya dukani na zikikaa mwaka kwenye upepo wa kusi huanza kutu. Ukikuta tone lenye kingo kali za mkono, tundu la pande mbili, lakini ndani ya tundu kuna kutu ya kahawia, usilitupe. Hilo ni tone la zamani lililovishwa pini mpya. Nimewaona watu wakiuza matone mazuri kwa bei ya takataka kwa sababu ya pini.

Kipimo cha mwisho kinafanyika jikoni. Kioo cha kristali chenye risasi ni kizito kuliko kioo cha kawaida. Toa pini, weka tone kwenye mizani ya jikoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, andika uzito. Kisha weka bilauri ya maji kwenye mizani, iweke sifuri, na uning'inize tone kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa chini wala ubavu. Namba inayopanda ni ujazo wa tone. Gawa uzito kwa ujazo huo. Tone langu moja lilikuwa na gramu 43.4 na majini mizani ikasoma 14, jibu 3.1, na hicho ni kioo cha risasi. La jirani yake, umbo lilelile kwa macho, lilikuwa na gramu 36 na majini 14.4, jibu 2.5, kioo cha kawaida. Chagua makubwa kwa kazi hii. Vile vioo vidogo vya pembe nane ni vyepesi mno na kosa dogo la mizani hubadili jibu.

Lakini usiugeuze uzito kuwa hakimu wa umri. Bohemia, Chekia ya leo, walitengeneza thuraya nzuri kwa kioo cha potashi kisicho na risasi, nacho kinakaa karibu na 2.5. Kama thuraya yenu ni ya Bohemia, 2.5 ndiyo nasaba yake na tone la 3.1 ndilo mgeni. Kama kweli ni Osler, ni kinyume chake. Unachotafuta ni kundi kubwa linalokubaliana lenyewe kwa lenyewe, na zaidi linalokubaliana na kioo cha mikono yenye alama sahihi.

Kama huna muda wa kupima yote, zima taa usiku na utumie tochi ya urujuanimno, ile wenye maduka hukagulia noti. Kioo cha risasi mara nyingi hujibu kwa weupe wa samawati uliofifia, na kioo cha kawaida kilichosafishwa kwa manganizi hujibu kwa ukijani. Tochi za bei rahisi humwaga zambarau nyingi, kwa hiyo usihangaike kuipa rangi jina. Pitisha tochi juu ya safu nzima. Wageni watajitenga wenyewe. Mchana angalia tena juu ya karatasi nyeupe. Kioo cha zamani chenye manganizi kilichopigwa na jua la dirishani miaka mingi huweza kuchukua wekundu wa zambarau hafifu, hivyo tone lenye rangi hiyo si lazima liwe geni, huenda lilikaa upande wa dirisha tu.

Thuraya ya Mombasa ilikuwa na matone 96: 80 kwenye visahani na 16 kuzunguka bakuli la chini. Nilipomaliza, 61 yalikuwa kundi moja, yamekatwa kwa mkono, uzito 3.1. Mengine 22 yalikuwa ya kalibu, 2.5, pini za kromu. Yale 13 yaliyobaki ndiyo yaliyonichelewesha. Yalikatwa kwa mkono, yalikuwa na 3.1, matundu ya pande mbili, kila mtihani yaliufaulu. Nilikuwa nimeshayaandika na yale 61, hadi mke wangu aliyekuwa akiyapanguza aliposema haya marefu hayakai vizuri kwenye trei. Nikapima kwa rula: yalizidi kwa milimita 4. Yalikuwa ya zamani kweli, lakini ya ile thuraya iliyoanguka chumba cha ndani. Tone linaweza kuwa la kale na bado lisiwe lake.

Sasa kwenu nyie ndugu sita. Andikeni karatasi yenye safu nne: nguzo na sahani ya kati, mikono, visahani na vikombe, matone, na mbele ya kila moja ni vingapi vinavyokubaliana. Nguzo na sahani zikiwa za asili, na mikono 10 au zaidi ikiwa na namba zake, mnayo thuraya ya kuheshimika hata kama theluthi ya matone ni ya dukani, kwani matone yanayolingana hutafutwa na kupatikana. Mikono sita ikigoma, mnayo thuraya mbili zilizoshonwa pamoja, na bei yake ni ya pambo zuri, jina la Osler lisiingie kwenye mazungumzo. Vilivyovunjika au vigeni msivitupe, vifungeni vikae na mzigo. Mkono mgeni unaolingana kimo ni bora kuliko tundu tupu, na kipande cha kofia yenye alama kinaweza kumsaidia fundi kuusaga mwingine.

Mnunuzi wa kwanza akirudi, mwonyesheni sahani ya kati na mikono imepangwa chini kwa namba, kisha mwacheni asome mwenyewe kabla hajataja bei. Na wa pili mwulizeni aonyeshe ni matone gani hasa anayosema ni ya juzi. Kama atanyooshea kidole yale yenye kutu kwenye tundu, kwa sababu ya kutu hiyo tu, mtajua hajavua pini hata moja.